Hisa, akiba au amana: milioni tatu zikae wapi kwenye SACCOS ya Moshi

Mikutano mikuu ya SACCOS ikishaanza hapa Moshi, swali linalozunguka mjini ni moja: "Nyie mmepewa asilimia ngapi?" Mmoja anajibu kumi na sita, mwingine anajibu nane, na huyu wa nane anaona haya kidogo, anadhani chama chake kimelala. Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi, alinijia na swali hilohilo. Ana shilingi milioni tatu alizozikusanya, na mbele yake kuna vyama viwili. Cha kwanza ni SACCOS ya kazini kwao, inayokata kwenye mshahara. Cha pili ni SACCOS ya wafanyabiashara, yenye wanachama wengi wa soko la Mbuyuni na Kiborloni, ambayo imefungua milango kwa yeyote anayeishi mjini.

"Shikamoo mjomba. Kule sokoni gawio ni kumi na sita, kazini ni nane. Si hesabu rahisi hiyo?"

Nimewahi kukaa kwenye kamati ya usimamizi, na nikaona makabrasha ya mkutano mkuu yanavyoandaliwa, kwa hiyo jibu langu lilikuwa refu kuliko alivyotaka. Vyama vyenyewe sivitaji, na tarakimu nimezifanya za mviringo ili hesabu ifuatike bila kikokotoo. Namna inavyofanya kazi ni ileile utakayoikuta kwenye kabrasha lolote.

Asilimia kumi na sita ya kitu gani?

Ndani ya SACCOS pesa yako haikai mahali pamoja. Kuna hisa, kuna akiba, na vyama vingi vina amana pia. Gawio linalotangazwa kwa kelele ni la hisa peke yake, na kwa mwanachama wa kawaida hisa ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.

| | Hisa | Akiba | Amana |
|---|---|---|---|
| Inaleta nini | Gawio, ziada ikipatikana | Riba ya akiba, kwa kiwango cha chama | Riba mliyokubaliana mwanzoni |
| Unaitoaje | Huitoi. Unaihamishia kwa mwanachama mwingine | Ukijitoa chamani, bila deni wala dhamana | Muda ukiisha, au kwa taarifa |
| Kazi yake | Mtaji wa chama na tiketi yako ya uanachama | Kipimo cha mkopo wako | Kutunza pesa tu |
| Chama kikipata hasara | Inaguswa mapema | Inaguswa baada ya hisa | Inaguswa baada ya hisa |

Masharti ya chama chako yanaweza kutofautiana kidogo na jedwali hili, hasa kwenye muda wa taarifa, kwa hiyo omba nakala na usome kabla ya kujaza fomu. Lakini mpangilio wa msingi ni huo.

Sasa turudi kwa milioni tatu. Tuseme kila chama kinataka mwanachama awe na hisa za shilingi 400,000, na zinazobaki, 2,600,000, aziweke akiba. SACCOS ya sokoni inalipa gawio la asilimia 16 kwenye hisa na asilimia 2 kwenye akiba. Kwa hiyo mpwa wangu angepata 64,000 kwenye hisa na 52,000 kwenye akiba, jumla 116,000 kwa mwaka. SACCOS ya kazini inalipa asilimia 8 kwenye hisa na asilimia 5 kwenye akiba. Hapo ni 32,000 na 130,000, jumla 162,000.

Chama kilichokuwa kinaonewa haya kinamlipa zaidi kwa shilingi 46,000. Nilimwona akiirudia hesabu kwenye simu yake, kisha akanyamaza.

Akaniuliza kama angeweza kuzihamisha zote ziwe hisa, ili zote zipate asilimia 16. Hilo ni wazo linalowajia wengi, na bodi nyingi hulifurahia kwa sababu linaongeza mtaji. Lakini hisa ukishaiweka, huwezi kwenda dirishani kuidai. Unamtafuta mwanachama mwingine wa kuinunua, au unasubiri chama kikutafutie mnunuzi kwa utaratibu wake. Isitoshe, bei yake haipandi. Hisa uliyoinunua kwa shilingi 10,000 utaihamisha kwa 10,000 hata ukikaa nayo miaka kumi. Mfumuko wa bei hapa nchini miaka ya karibuni umekuwa kati ya asilimia 3 na 4, kwa hiyo gawio la asilimia 3 maana yake ni kwamba hujaongeza chochote. Na hakuna aliyekuahidi gawio. Mwaka ambao ziada haipo, gawio halipo, na huna pa kulidai.

Kuna jambo dogo la kuuliza hapohapo: gawio linahesabiwa kwa salio la lini? Vyama vingine vinatazama salio la mwisho wa mwaka, vingine vinahesabu miezi ambayo hisa ilikuwemo. Ukinunua hisa za 400,000 mwezi Novemba kwenye chama kinachohesabu miezi, asilimia 16 yako ni ya miezi miwili, yaani 10,000 na ushee. Watu wengi wamegombana na wahasibu kwa sababu ya jambo hili, na mhasibu hakuwa na kosa.

Gawio linavyopikwa

Hapa ndipo nilipomkalisha chini, kwa sababu ndipo penye tofauti ya kweli kati ya vyama viwili.

Mwaka wa fedha ukiisha, hesabu zinafungwa, kisha zinakaguliwa. Mkaguzi anaweza kuwa COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, au kampuni binafsi inayokubalika. Baada ya ukaguzi, bodi inakaa na kuandika mapendekezo ya mgawanyo wa ziada. Mapendekezo hayo yanaletwa mkutano mkuu, na wanachama wanapiga kura, kila mtu kura moja, awe na hisa za laki moja au za milioni tano. Kwenye karatasi ndivyo gawio linavyoamuliwa.

Kwa kweli limeshaamuliwa kabla, kwenye mstari mmoja wa hesabu ambao wachache wanausoma. Hebu tulifungue kabrasha la SACCOS ya sokoni.

Chama kimekopesha wanachama jumla ya bilioni moja. Kina hisa za milioni 250, akiba za milioni 700 na amana za milioni 200. Mwaka huo kimeingiza milioni 130 za riba ya mikopo na milioni 20 za ada na faini, jumla milioni 150. Mishahara, kodi ya ofisi, posho za vikao na mengineyo vimekula milioni 60. Riba waliyowalipa wenye akiba na amana ni milioni 30. Halafu kuna mstari umeandikwa "tengo la mikopo chechefu: milioni 10". Ukitoa vyote hivyo, ziada ni milioni 50.

Kwenye ziada hiyo chama kinatoa kwanza fungu la mfuko wa akiba ya lazima, ambao haugawiwi. Kwa chama chetu cha mfano tuchukue asilimia 20, yaani milioni 10. Zinabaki milioni 40. Zigawanye kwa hisa za milioni 250, unapata asilimia 16. Makofi.

Sasa geuza kurasa chache hadi kwenye mchanganuo wa umri wa mikopo. Ni jedwali dogo, mara nyingi limechapwa kwa herufi ndogo mwishoni, baada ya picha za bodi. Linaonyesha mikopo mingapi inalipwa vizuri, mingapi imechelewa mwezi, mingapi imepita siku 90, na kadhalika. Kwa chama hiki, mikopo ya milioni 80 imepita siku 90 bila rejesho, na ndani ya hiyo, milioni 50 haijaguswa kwa zaidi ya mwaka.

Tengo ni pesa ambayo chama kinaikata kwenye mapato yake ili kufidia mikopo ambayo huenda isirudi. Mkopo ambao haujalipwa hata senti kwa zaidi ya mwaka, na mkopaji amehama Pasua hajulikani alikokwenda, si mali tena. Chama chenye uangalifu kingeutengea wote. Hata tukiisamehe ile milioni 30 nyingine, tengo lingetakiwa kuwa milioni 50. Bodi imeandika milioni 10.

Rudia hesabu kwa tengo la milioni 50. Ziada inashuka kutoka milioni 50 hadi milioni 10. Mfuko wa lazima unachukua milioni 2, zinabaki milioni 8, na gawio linakuwa asilimia 3.2. Mapato hayajabadilika, matumizi hayajabadilika, wakopaji ni walewale. Kilichobadilika ni mstari mmoja.

Kwa hiyo zile asilimia 16 zimetoka wapi? Sehemu kubwa imetoka kwenye fedha taslimu za chama, ambazo ni akiba na amana za wanachama haohao. Wanachama wamegawiwa faida ambayo haikupatikana, na shimo la milioni 40 limeachwa kwenye vitabu likisubiri mwaka ambao mkaguzi au Mrajis wa vyama vya ushirika atakataa kufumba macho. Mwaka huo ukifika, gawio linaweza kuwa sifuri kwa miaka miwili au mitatu mfululizo, na mwenye hisa ndiye anayelibeba kwanza.

Sisemi kila gawio kubwa ni la namna hii. Kuna vyama vinavyotoa asilimia 12 au zaidi kihalali, hasa vyenye hisa chache na mikopo mingi, kwa kuwa ziada inagawanywa kwa hisa chache. Lakini gawio kubwa pamoja na tengo dogo na mikopo iliyochelewa ni mchanganyiko wa kuogopa.

Kuna dalili nyingine kwenye kurasa hizohizo. SACCOS ya sokoni inatoza riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Kama ilikuwa na mikopo ya bilioni moja karibu mwaka mzima, ingetakiwa kuingiza kama milioni 150 za riba. Imeingiza 130. Pengo la milioni 20 linakwambia kuna sehemu ya mikopo haileti kitu, hata kama mwenyekiti hajasema. Hesabu hii unaweza kuifanya ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki ukisubiri soda.

Angalia pia upande wa pili wa udanganyifu huu: vyama vinavyoandika riba ambayo imeshafika muda wake lakini haijalipwa kana kwamba imeingia. Hapo mapato yanaonekana mazuri, ila fedha taslimu hakuna. Ukisikia chama kimepata ziada nono na papo hapo kimekopa benki ili kilipe gawio, ujue umeikuta hiyo. Mkopo kutoka nje hutokea kwenye ajenda kwa jina la "ukomo wa madeni", kiwango ambacho mkutano mkuu unakiidhinisha kila mwaka kwamba chama hakitakopa zaidi ya hapo. Wengi hunyoosha mikono bila kuuliza ukomo umepanda kutoka ngapi na mkopo ni wa kazi gani. Kukopa ili kukopesha wanachama kunaeleweka, bora riba ya benki iwe chini ya riba ya chama. Kukopa ili kugawana hakueleweki.

Kwa nini wanachama wanapitisha? Kwa sababu ajenda ya gawio huja jioni, watu wameshachoka, wa Machame na Marangu wanaangalia saa wasikose gari, na bodi inagombea tena. Mwanachama anayesimama kusema "tupunguze gawio tuongeze tengo" anazomewa. Nimeshaona akizomewa. Meza kuu haikumtetea, ingawa pale mbele kila mmoja alijua yuko sahihi.

Kipimo cha haraka ninachokitumia ni kile kinachotumiwa na Baraza la Dunia la vyama vya akiba na mikopo: mikopo iliyochelewa isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, na mtaji wa chama chenyewe, yaani ile mifuko isiyogawiwa, ufike angalau asilimia 10 ya mali zote. SACCOS ya sokoni ina milioni 80 kwenye bilioni moja, yaani asilimia 8, tena kwa kuhesabu iliyopita siku 90 tu. Ya kazini iko chini ya 3. Hiyo peke yake ilitosha kunifanya nisitishwe na ile kumi na sita.

Kwa anayekopa, gawio ni jambo la pembeni

Mpwa wangu ana mpango wa kukopa milioni sita amalizie nyumba huko Njia Panda, kwa hiyo ilibidi tuangalie upande huo pia. Kazini wanatoza asilimia 12 kwa mwaka kwenye salio linalopungua. Sokoni ni asilimia 15, pia kwa salio. Mkopo wa milioni sita unaorejeshwa kwa miaka miwili una wastani wa salio la kama milioni tatu, kwa hiyo tofauti ya asilimia 3 ni karibu shilingi 90,000 kwa mwaka. Hisa zake za 400,000 zingempa gawio la ziada la 32,000 tu kule sokoni. Angelipa tisini ili apate thelathini na mbili.

Gawio limetoka kwenye riba za wakopaji. Chama chenye riba kubwa ya mikopo na gawio kubwa kinawafaa wanaoweka bila kukopa, na kinawaumiza wanaokopa. Jiulize wewe ni yupi. Na kama unaambiwa riba ni "moja na robo kwa mwezi", uliza kama ni kwa salio au kwa mkopo wote wa mwanzo hadi rejesho la mwisho. Ya pili ni ghali karibu mara mbili ya inavyosikika.

Vitu ambavyo wanachama hawaviulizi

Cha kwanza ni bima. Ukiweka pesa benki, Bodi ya Bima ya Amana inakulinda hadi shilingi milioni 7.5 benki ikifilisika. Kiwango kilipandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 1.5. Kinga hiyo haiigusi SACCOS. Hapa Moshi watu huchanganya kwa urahisi, kwa sababu neno ushirika limetuzunguka: KNCU, muungano wa vyama vya wakulima wa kahawa, ipo tangu 1933, Chuo Kikuu cha Ushirika kiko hapahapa, na benki yetu ya ushirika ya Kilimanjaro, KCBL, ndiyo ilikuwa moja ya mbegu za Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025. Lakini benki ya ushirika ni benki. SACCOS ni chama cha wanachama, na hasara yake ni ya wanachama.

Kinachokulinda kwenye SACCOS ni usimamizi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, cheti cha kuandikishwa hakitoshi. SACCOS inatakiwa iwe na leseni, ambayo inatolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa mamlaka ya Benki Kuu. Ukiingia ofisini, tafuta leseni ukutani. Ukionyeshwa cheti cha uandikishaji cha zamani chenye fremu nzuri, uliza tena. Afisa Ushirika wa halmashauri naye anaulizika, na haulipii kumuuliza.

Cha pili ni dhamana. Hapa ndipo pesa za watu wazuri zinaposhikwa. Mwenzako wa zamu anakuomba umdhamini mkopo, unasaini kwa sababu mnakula pamoja mchana. Kuanzia siku hiyo, sehemu ya akiba yako imefungwa. Tuseme mpwa wangu ana akiba ya 2,600,000 na amemdhamini mtu kwa 900,000. Akiba anayoweza kuihesabu ni yake kwa uhuru ni 1,700,000. Akitaka kujitoa chamani hawezi hadi mkopo ule uishe au apatikane mdhamini mwingine. Na vyama vingi vinapohesabu mkopo wako, labda mara tatu ya akiba, vinaanza kwa kuondoa kile ulichodhamini. Badala ya kikomo cha 7,800,000 angekuwa na 5,100,000, na ile milioni sita ya nyumba ingekuwa imempita. Yeye alikuwa ameshasaini dhamana mbili na hakumbuki kiasi cha ya pili. Nikamwambia aende kesho yake aombe orodha.

Cha tatu kinahusu vyama vya kazini, na nilikisema ili asidhani SACCOS ya kazini haina kasoro. Nguvu yake ni kwamba rejesho linakatwa kabla mshahara haujamfikia mkopaji. Udhaifu wake ni huohuo. Makato yanapita mikononi mwa mwajiri kwanza, na wapo waajiri wanaokata mwezi huu wakapeleka miezi mitatu baadaye, pesa ikiwa imetumika kununulia mafuta ya jenereta. Kwenye hati ya mshahara unaonekana umekatwa. Kwenye daftari la chama hujalipa. Unajuaje? Chukua hati za mshahara za miezi sita, ziweke kando ya taarifa yako ya chama, uangalie tarehe baada ya tarehe. Kwenye kabrasha, tafuta mstari wa "makato yasiyowasilishwa" au "wadaiwa: mwajiri". Ukiukuta unakua mwaka hadi mwaka, akiba yako inamkopesha mwajiri bila riba na bila fomu. Na mwajiri akipunguza watu kwa mkupuo, wakopaji wote wanayumba siku moja.

Chama cha sokoni hakina mwajiri mmoja wa kukiangusha, lakini kina msimu. Wanachama wake wanauza nguo, ndizi, mahindi, na wengine wana kahawa nyumbani. Pesa huwa nyingi mwishoni mwa mwaka na hupotea Januari, ada za shule zinapofika. Mwezi huo kila mtu anataka mkopo au anataka amana yake. Kwa hiyo kabla ya kuweka amana pale, uliza wanachama wawili watatu, siyo meneja: Januari mkopo ulichukua siku ngapi kutoka? Foleni ya wiki mbili ni ya kawaida. Ya miezi mitatu, huku wengine wakipata ndani ya siku mbili kwa kumjua mtu, ni chama ambacho hakina fedha taslimu na kimeanza kuchagua nani alipwe.

Alivyopanga mwishowe

Amebaki na chama cha kazini. Hisa ameweka zile 400,000 zinazotakiwa na hakuongeza, kwa kuwa gawio la asilimia 8 kwenye pesa asiyoweza kuitoa halimzidi sana riba ya asilimia 5 kwenye akiba inayomjengea mkopo. Akiba ameweka milioni mbili. Akitaka milioni sita, mara tatu yake inamtosha kamili, ila tu asidhamini mtu tena na zile dhamana mbili ziondoke. Orodha ilipotoka, ya pili ilikuwa laki nne, ya mkopo uliobakiza miezi mitano. Ameamua kusubiri miezi hiyo kabla ya kuomba.

Zile 600,000 zilizobaki aliuliza kama azipeleke sokoni kama amana ya mwaka mmoja, kwa asilimia 8. Amana ni sehemu yenye afadhali kwenye chama kile, kwa sababu riba yake imeandikwa kwenye mkataba na haisubiri kura ya mkutano mkuu. Lakini zile asilimia 8 ni 48,000 kwa mwaka, na lile shimo la milioni 40 liko palepale. Nikamwambia aombe kwanza kabrasha la mwaka huu na la mwaka jana, alinganishe mikopo iliyopita siku 90. Ikiwa inashuka, aweke. Ikiwa ilikuwa milioni 50 na sasa ni 80, azipeleke benki.

Alipokwenda, dirishani walimwambia kabrasha ni la wanachama tu. Jibu hilo si la ajabu, na kabrasha anaweza kulipata kwa mwanachama yeyote anayemfahamu pale Kiborloni. Anaye shangazi yake upande wa baba, mwanachama wa miaka mingi, muuza vitenge. Shangazi alikuwa nayo yote mawili, yamefungwa na raba juu ya kabati, hayajafunguliwa.